Maji Yakishachemka, Kamera Isizimwe

Video nyingi za kufundisha kuchemsha maji huishia mahali pabaya. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaonekana akichota maji, anabandika sufuria jikoni, mvuke unapanda, kisha anageukia kamera na kusema maji sasa ni salama. Video imekwisha. Kuyapoza, kuyahifadhi na kuyafikisha mdomoni mwa mtoto anaachiwa mtazamaji ajijazie mwenyewe, na hapo ndipo maji yaliyochemshwa vizuri huchafuka upya. Moto huua vimelea vilivyomo sufuriani saa ile, lakini hauachi ndani ya maji kitu cha kuua vile vitakavyoingia baadaye. Dawa ya klorini huacha kinga kwa muda fulani. Moto hauachi kinga yoyote.

Kwa hiyo nataka kueleza video ya aina hii ipigwe vipi, picha kwa picha, nikiwafikiria watu wa vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Nimewachagua wao kwa sababu. Mei 2015 kijiji cha Kagunga, kilicho mpakani kabisa na Burundi, kilijaa wakimbizi kwa maelfu waliokuwa wakisubiri kusafirishwa kwa meli ya Liemba hadi Kigoma mjini. Vyoo havikutosha, maji yalikuwa ya ziwani, na kipindupindu kikazuka. Maelfu waliugua na watu wapatao 30 walifariki. Maji ya ziwa hilo ni maangavu kuyatazama, na huo ndio ugumu wa kumfundisha mtu aliyekulia kando yake: macho yake yanamwambia kwamba maji hayana tatizo.

Picha ya kwanza muhimu ni ya ndani ya sufuria, kwa karibu sana. Sufuria iwe ya alumini iliyosuguliwa ndani ikang'aa, maana iliyoshika weusi haionyeshi viputo. Ipigwe mchana, nje au karibu na mlango, na mpigapicha akae ubavuni asiinamie juu, la sivyo mvuke utaziba lenzi ya simu. Wakati wa kupasha moto sufuria hufunikwa ili kuokoa kuni na kuzuia moshi usiingie kwenye maji, ila kwa ajili ya kamera kifuniko kitafunuliwa mara tatu.

Mara ya kwanza vitaonekana viputo vidogo vimeng'ang'ania chini na pembeni. Hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, inatoka kwa sababu maji yanapata joto. Bado hayajachemka. Mara ya pili mvuke unapanda na maji yanaanza kutoa sauti. Watu wengi huipua hapa, hasa kuni zikiwa chache. Mara ya tatu viputo vikubwa vinapanda toka chini mpaka juu, katikati na pembeni, uso mzima wa maji unapinduka bila kutulia. Maji yanatokota. Ndiyo alama inayotafutwa.

Maneno ya kusindikiza picha hizi ni bora yawe mazungumzo kuliko hotuba. Katika video kama hii bibi mwenye nyumba anaweza kusema, "Mwanangu, haya yameshachemka, si huo mvuke?" Na mhudumu akamjibu, "Bado, bibi. Usitazame mvuke, tazama maji yenyewe, katikati pale. Yakianza kupinduka ndiyo tutahesabu." Mtazamaji aliyekuwa na swali lilelile amejibiwa bila kuonekana mjinga.

Kisha wanahesabu. Dakika moja ya kutokota inatosha, na kamera isikatwe katika dakika hiyo, kwa kuwa ukiikata mtazamaji hawezi kujua ilikuwa na urefu gani. Mhudumu ahesabu kwa sauti mpaka 60, polepole. Wengi wetu tuliambiwa dakika kumi au hata ishirini, na agizo hilo limewakatisha tamaa wanunuzi wengi wa mkaa. Ukweli ni kwamba bakteria, virusi, na vijidudu kama amiba huanza kufa kabla maji hayajatokota. Yakifika nyuzi 70 hivi, wengi wao hawamalizi dakika. Tunasubiri kutokota kwa sababu jikoni hakuna kipimajoto, na kutokota ni kipimo ambacho jicho la mtu yeyote linaweza kukisoma. Mahali palipo juu sana maji hutokota kwa joto la chini zaidi. Anayeishi kwenye vilima vilivyozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kama sehemu za Makete, ahesabu dakika tatu. Kigoma kandokando ya ziwa, moja.

Maji yakiwa na tope, kwa mfano ya mto wakati wa masika, yaachwe yatulie kwanza, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Kitambaa peke yake kina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa: huko Bangladeshi, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliona kuwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa kulipunguza kipindupindu karibu nusu, kwa sababu bakteria wa ugonjwa huo hujishikiza kwa viumbe vidogo sana vya majini ambavyo kitambaa huvinasa. Hata hivyo kuchuja hakuchukui nafasi ya moto. Na faida moja ya moto ni kwamba tope haliudhoofishi kama linavyoidhoofisha klorini.

Sasa tumefika mahali ambapo kamera huzimwa. Sufuria imeipuliwa, maji ni ya moto, na nyumba ina kiu. Mama wa nyumba anafanyaje? Anamimina toka kikombe hadi kikombe ili yapoe, au anaongeza kata moja ya maji baridi ya mtungini. Kata hiyo inarudisha kila kitu moto ulichokiondoa. Video lazima iuonyeshe mkono ukielekea mtungini na mhudumu akiuzuia, kisha ionyeshe njia ya kweli: sufuria ileile inafunikwa kwa kifuniko chake, inawekwa mahali pa juu mbali na kuku na watoto, na inaachwa. Kuchemsha jioni baada ya ugali, wakati makaa bado yana moto, kunaipa familia maji baridi asubuhi. Usiku huo maji hurudishiwa pia kiasi cha hewa iliyotoka, na ile ladha butu ambayo watoto huilalamikia hupungua. Chembe ya chumvi husaidia.

Yakishapoa humiminwa moja kwa moja toka sufuriani hadi kwenye chombo cha kuhifadhia. Chombo kinachofaa ni kile ambacho mkono hauwezi kuingia: dumu lenye mdomo mwembamba, au ndoo yenye kifuniko na koki. Koki ifungwe juu kidogo ya kitako cha ndoo ili mashapo yabaki chini, na ndoo iwekwe juu ya stuli ili kikombe kipite chini yake. Dumu la kutekea maji ziwani lisiwe ndilo la kuhifadhia yaliyochemshwa. Kwa vile yote hufanana, la pili lifungwe utepe wa rangi mpininmi ili hata mtoto asikosee. Na lisiwe dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shambani, hata likioshwa vipi.

Kuosha dumu kunastahili picha yake. Ndani ya dumu linalokaa na maji hujengeka utelezi mwembamba, usioonekana ila kwa kidole, na bakteria hujificha humo. Mdomo mwembamba unaozuia mikono unazuia pia brashi. Mhudumu atie maji ya sabuni na kokoto ndogo zilizooshwa, afunge, atikise kwa nguvu akiligeuza kila upande, amwage, asuuze mara kadhaa kwa maji yaliyochemshwa. Kisha aingize kidole mdomoni mwa dumu, kabla na baada ya kuosha, na kukigusisha kwa kidole gumba mbele ya kamera: kabla vidole vinateleza, baada vinakwama. Baada ya jaribio hilo alisuuze tena, kwa kuwa kidole chake kimeingia.

Kuna wahudumu wanaopaka mkono unga wa mkaa, wanauzamisha kwenye jagi la kioo, na maji yanaingia weusi. Picha inavutia, lakini inamfundisha mtu kuogopa mkono mweusi, naye atatazama mkono wake ulio safi machoni na kuuzamisha bila wasiwasi. Napendelea zaidi chupa tatu. Kuna kipimo rahisi cha karatasi iliyotiwa dawa, ambacho maji yake hugeuka meusi yakiwa na bakteria wanaotoa gesi ya salfaidi, na wengi wa bakteria hao hutoka kwenye kinyesi. Chupa ya kwanza inatiwa maji ya ziwani kama yalivyotekwa. Ya pili inatiwa maji yaliyochemshwa na kupozwa yamefunikwa. Ya tatu inatiwa maji hayohayo yaliyochemshwa, ila yamekaa siku nzima kwenye ndoo wazi na kuchotwa kwa kikombe na kila aliye nyumbani. Zinaachwa mahali penye joto la kawaida siku moja hadi mbili, zikipigwa picha kila baada ya saa chache, zote tatu kwenye fremu moja.

Ya kwanza ikigeuka nyeusi na ya pili ikabaki kama ilivyokuwa, kazi ya moto imeonekana. Ya tatu ikigeuka, kazi ya kikombe imeonekana. Lakini ya tatu isipogeuka mhudumu asichezee matokeo. Aseme hivyo na arudie kwa ndoo nyingine, kwa sababu si kila kikombe huingiza uchafu kila siku. Aseme pia kwamba weusi si uthibitisho wa kipindupindu, ni dalili kuwa kinyesi huenda kimeyafikia maji, na kwamba baadhi ya maji ya visima yenye salfaidi ya asili huweza kugeuka hata yasipokuwa na kinyesi.

Kwa kuwa maji yaliyochemshwa hayana kinga, yachemshwe ya kutosha siku moja na ya kesho yachemshwe kesho. Yakibaki ya jana, yaoshee vyombo.

Video hii isipelekwe kila mahali bila kubadilishwa. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, na sehemu nyingine za Arusha, Kilimanjaro na Manyara, maji ya chemchemi na visima yana floridi nyingi, ndiyo maana meno ya watu wengi huko yana rangi ya kahawia. Moto hauondoi floridi. Kinyume chake, kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo floridi iliyobaki inavyozidi ukali, kama chumvi kwenye mchuzi uliosahauliwa jikoni. Huko maji hupitishwa kwanza kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha, kisha ndipo yachemshwe ili kuua vimelea, kwa dakika ileile moja, na sufuria ikiwa imefunikwa.