Weupe wa saa nne: matone ya macho na wekundu unaorudi

Msimu wa mavuno ya mpunga huacha macho mengi mekundu katika bonde la Kilombero. Kuanzia Kivukoni hadi Lupiro, na kurudi Ifakara mjini, mtu anapura mpunga mchana kutwa, pumba zinaruka, jua linapiga, na jioni anakaa mbele ya moshi wa kuni au wa samaki wanaokaushwa. Dereva wa bodaboda ana yake: vumbi, upepo usokoni, usingizi mchache. Asubuhi macho yanauma kidogo na yamekuwa mekundu. Njia fupi ni duka la dawa. Huko kuna kichupa kidogo cha matone ambacho ndani ya dakika chache hurudisha weupe wa jicho, na huuzwa bila cheti cha daktari.

Kichupa hicho kinafanya kazi kweli, na tatizo linaanzia hapohapo.

Juu ya weupe wa jicho umetandazwa utando mwembamba wenye mishipa midogo ya damu. Jicho likichokozwa na moshi, vumbi au ukavu, mishipa hiyo hutanuka ili damu zaidi ifike, kwa sababu damu ndiyo inayobeba vifaa vya kujilinda na kujitengeneza. Wekundu tunaouona ni damu hiyo. Dawa za kuondoa wekundu, yaani nafazolini, tetrahidrozolini, oksimetazolini na fenilefrini, hazigusi moshi wala ukavu. Hukaza misuli midogo iliyozunguka mishipa, mishipa ikasinyaa, damu ikapungua, jicho likaonekana jeupe. Kwa nyingi kati yake athari hiyo hudumu saa chache tu, mara nyingi kama nne.

Mkulima wa bondeni ataelewa kinachofuata. Ukiziba mfereji unaopeleka maji kwenye jaruba, huko mbele mpunga unaanza kukauka, na siku unayoufungua maji yanaingia kwa nguvu. Utando wa jicho uliobanwa mishipa hukosa hewa safi na lishe inayoletwa na damu. Dawa ikiisha nguvu, mishipa hufunguka, mara nyingine kupita ilivyokuwa mwanzo. Pia kuna jambo la pili linalokwenda taratibu. Kwenye misuli ya mishipa kuna vipokezi ambavyo dawa huvishika ili ifanye kazi. Vikichokozwa kila siku, hupungua au hulegea, kwa hiyo tone lililotosha wiki iliyopita sasa halitoshi, na weupe uliodumu saa nne unadumu saa mbili. Zaidi ya hayo, dawa nyingi za kichupa huwekewa kihifadhi cha kuzuia vijidudu, na kinachotumika sana, benzalkoniamu kloridi, kikitumika mara nyingi hukausha na kukwaruza uso wa jicho. Basi mtu anatibu wekundu kwa kitu kinachozalisha wekundu.

Tuchukue kijana wa bodaboda wa Kivukoni. Simsemi mtu mmoja, bali mwendo ambao wengi wamepita. Siku ya kwanza anadondosha tone moja asubuhi, macho yanakuwa safi hadi mchana. Wiki ya pili anadondosha asubuhi na jioni. Mwezi ukiisha, kichupa kinakaa mfukoni na kinatoka mara sita au saba kwa siku, na bila hicho macho huwa mekundu kuliko siku ya kwanza kabisa. Anaamini ana ugonjwa mkubwa, ananunua kichupa kingine. Ukimuuliza macho yanamsumbuaje, atakwambia yanawaka na yanakauka, hayatoi usaha, haoni vibaya, na wekundu umeenea kote sawasawa, hata ndani ya kope la chini. Hiyo ndiyo sura ya wekundu wa dawa yenyewe: unapungua muda mfupi baada ya tone, unarudi saa zilezile kila siku, na unahitaji tone jingine mapema zaidi kila wiki.

Mwaka 1997 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa 70 wa namna hii. Nusu yao walikuwa wametumia matone haya miaka mitatu au zaidi. Tiba ilikuwa kuacha dawa, na kwa nusu yao macho yalitulia ndani ya wiki nne, ingawa wengine walihitaji miezi. Napenda kuwatajia watu muda huo tangu mwanzo, maana siku za kwanza za kuacha ndizo mbaya zaidi. Anayedhani wekundu utaisha kesho atarudi dukani keshokutwa.

Kwa hiyo kijana wetu afanye hivi. Aache kichupa mara moja. Asipoweza kuvumilia uso wake kwenye kioo, aache kwa jicho moja kwanza, na lile lingine alifuatishe la kwanza likishatulia. Mara kadhaa kwa siku aweke juu ya kope zilizofumbwa kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi. Atumie machozi bandia, ambayo ni maji mazito kidogo yenye haipromelosi au kaboksimethaili selulosi. Haya hayabani mishipa, hulowesha tu. Yakiwa na kihifadhi, mara nne kwa siku zinatosha. Tone moja kwa kila jicho linatosha kila mara, kwa sababu tone la kichupa ni kubwa kuliko nafasi iliyopo na la pili humwagika shavuni. Avute kope la chini, adondoshe bila ncha kugusa jicho, kisha afumbe dakika moja huku akibana taratibu pembe ya ndani karibu na pua. Kichupa kilichofunguliwa kisipite wiki nne isipokuwa maelezo yake yanasema vingine. Na miwani ya kinga barabarani itamsaidia kuliko dawa yoyote kati ya hizo.

Dukani, swali la kumuuliza muuzaji ni moja: hii inalowesha au inabana mishipa? Soma pia jina la dawa kwenye kichupa. Likiishia kwa mlio wa "zolini", hata kama tahajia yake ni ya kigeni, ni ya kubana. Ukiona sababu ya kuitumia, kwa mfano siku ya harusi, iwe siku moja au mbili, zisizidi tatu. Mwenye shinikizo la jicho, presha ya damu iliyopanda au ugonjwa wa moyo aulize kwanza kwa tabibu. Kichupa hicho pia kifichwe mbali na watoto: mililita moja au mbili za dawa hii zikimezwa zinaweza kumlaza mtoto usingizi mzito na kupunguza pumzi na mapigo ya moyo. Mtoto aliyeimeza akimbizwe hospitali na kichupa kibebwe.

Sasa nije kwenye hatari ninayoiogopa zaidi, maana wekundu unaorudi hukera lakini haupofushi. Tuseme kijana yuleyule anawasaidia wazazi kupura, na suke la mpunga linamkwaruza jicho la kulia. Linauma, linatoa machozi, linakuwa jekundu. Anadondosha dawa ile ile, weupe unarudi, anapumua. Jicho kuwa jeupe baada ya tone si ushahidi kwamba ni salama. Dawa husinyaza mishipa ya juu. Kidonda kwenye kioo cha jicho, ile sehemu angavu iliyofunika mboni, hubaki pale kama kilivyokuwa. Na kidonda kilichosababishwa na jani au suke la mpunga huingiwa na ukungu kwa urahisi, ambao hukua taratibu kwa siku kadhaa kabla ya kuonekana kama doa jeupe au la kijivu. Ukungu huo ukishajenga, matibabu huwa ya wiki nyingi, dawa kila saa mwanzoni, na kovu likibaki mbele ya mboni uwezo wa kuona hauwezi kurudi wote.

Ndiyo maana siku ya kwanza ni ya thamani. Huko Bhaktapur, Nepal, wilaya ya wakulima kama hawa wetu, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulifuatilia watu waliokwaruzwa kioo cha jicho. Walipewa mafuta ya kloramfenikoli ya asilimia 1, mara tatu kwa siku kwa siku tatu. Waliotibiwa ndani ya saa 18 hakuna aliyepata kidonda. Hiyo ni dawa rahisi, lakini mtu wa afya lazima kwanza aangalie jicho ahakikishe hakuna kitu kilichokwama wala kioo hakijatobolewa.

Kitu kimoja kisichoruhusiwa kabisa kabla ya kuangaliwa ni dawa ya deksamethasoni, iwe peke yake au imechanganywa na antibiotiki kama gentamisini. Hii hutuliza wekundu na maumivu kwa namna ya kuvutia, ila hupunguza kinga ya jicho. Kwenye kidonda cha ukungu au cha virusi vya malengelenge hukichochea kikue. Ikitumika wiki nyingi, huongeza shinikizo la jicho na kuleta mtoto wa jicho. Matone ya mitishamba, maji ya chai, mkojo na maziwa ya mama yasiingie jichoni hata kidogo. Wizara ya Afya ilitoa onyo hilo mwanzoni mwa mwaka 2024, wakati macho mekundu ya virusi yalipoenea nchini. Wekundu ule huambukiza kwa mikono na taulo, huisha wenyewe ndani ya wiki moja hadi tatu, na dawa ya kubana mishipa haiuondoi.

Usingoje hata siku moja kama jicho limepigwa au limekwaruzwa, kama linauma sana au haliwezi kutazama mwanga, kama kuona kumefifia, kama kuna doa jeupe kwenye kioo, kama mboni za macho mawili hazilingani, au kama unaona duara za rangi kuzunguka taa huku kichwa kinauma na unatapika. Mvaaji wa lenzi za kugusa mwenye jicho jekundu azivue na aende siku hiyohiyo. Mtoto mchanga wa chini ya siku 28 mwenye macho mekundu au tongotongo nyingi ni dharura, maana maambukizi ya kuzaliwa nayo huweza kutoboa kioo kwa siku chache. Kwa wakazi wa upande wa Mahenge, wanaoishi karibu na mito yenye usubi, macho yanayowasha pamoja na ngozi inayowasha kwa muda mrefu yatajwe yote mawili kwa tabibu, ili akumbuke kuuliza kuhusu ugonjwa wa usubi.

Wekundu mwepesi usio na dalili hizo unaweza kusubiri siku tatu za kitambaa baridi na machozi bandia, bila kichupa kingine. Usipopungua, nenda kituo cha afya. Kukiwa na kidonda watakuelekeza hospitali ya rufaa ya Mtakatifu Fransis, Ifakara. Tangu daraja la Kilombero lizinduliwe mwaka 2018 mtu wa ng'ambo hasubiri tena pantoni. Ukienda, beba kila kichupa ulichotumia, hata kilichoisha: tabibu akisoma majina hayo atajua kama anatafuta ugonjwa, au dawa yenyewe ndiyo imekuwa ugonjwa.