Mwanya mwembamba, mwanga mpana

Chukua nyembe mbili mpya na kipande cha kadibodi chenye tundu. Zipange nyembe juu ya tundu, makali yakitazamana, katikati yake ukiwa umesimamisha ukingo wa karatasi ya kuchapia, kisha zibane kwa selotepu. Ukiichomoa karatasi unabaki na mwanya wa takriban milimita 0.1, maana huo ndio unene wa karatasi yenyewe. Usiku, zima taa, simamisha mwanya wima, pitisha hapo mwanga wa leza nyekundu ya mkononi, na utazame ukuta ulio mita 2 mbele. Ukuta tu, kwa sababu leza huumiza macho.

Ungetarajia mstari mwembamba kama mwanya wenyewe. Badala yake ukutani kuna ukanda mwekundu wenye upana wa karibu milimita 26, umetanuka kushoto na kulia. Kando yake kuna giza, kisha kipande hafifu cha mwanga, kisha giza tena, hivyo hivyo pande zote mbili. Padri Francesco Grimaldi wa Bologna aliuita utanukaji huu wa mwanga difraksheni, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1665.

Ukanda wa katikati si wa kushangaza sana. Cha kushangaza ni giza: mwanga unapita mwanyani, lakini kuna mahali ukutani haufiki. Mwanga ni mawimbi, na kila nukta ya mwanya hutuma mawimbi yake ukutani. Kilele cha wimbi moja kikikutana na bonde la jingine, yote mawili hufutana.

Sasa tazama mahali ambapo wimbi kutoka ukingo mmoja wa mwanya linasafiri zaidi ya lile la ukingo wa pili kwa urefu wa wimbi moja kamili. Wanafunzi wengi husema hapo patang'aa, kwa kuwa mawimbi ya kingo mbili yanafika yakiwa sawasawa. Wamesahau nukta zote zilizo katikati. Ugawe mwanya nusu mbili. Wimbi la ukingoni na lile la katikati ya mwanya yanapishana kwa nusu ya wimbi, kwa hiyo yanafutana. Nukta inayofuata ukingo nayo inafutana na ile inayofuata katikati, na kuendelea, mpaka kila nukta ya nusu ya kwanza imepata mwenzake katika nusu ya pili. Hakuna kinachobaki, na hilo ndilo giza la kwanza.

Tofauti ya kingo ikifika mawimbi mawili, gawa mwanya sehemu nne, nazo zitafutana mbili mbili. Ikiwa wimbi moja na nusu, sehemu ni tatu: mbili zinafutana, moja inabaki bila mwenzake. Ndiyo maana mwanga wa pembeni ni hafifu. Kipande cha kwanza kina ukali usiofika asilimia 5 ya ule wa katikati.

Hesabu yake ni fupi. Giza la namba m liko umbali huu kutoka katikati:

y = mλL/a

Hapa λ ni urefu wa wimbi, L ni umbali wa ukuta, na a ni upana wa mwanya. Leza nyekundu nyingi za mkononi zina λ ya karibu nanometa 650. Kwa mita 2 na milimita 0.1, giza la kwanza liko milimita 13, la pili 26, la tatu 39. Namba m huanzia 1, wala hakuna giza la sifuri, kwani katikati mawimbi yote hufika pamoja. Kwa hiyo ukanda wa kati unaenea milimita 13 kila upande, mara mbili ya upana wa vile vya pembeni. Fomula hii huchanganywa sana na ile ya mianya miwili, ambayo kwa umbo lile lile hutoa mahali pa mwanga, si pa giza.

Usipime kutoka katikati, maana kitovu cha ukanda hakionekani vizuri. Pima kutoka giza la tatu la kushoto hadi la tatu la kulia, upate kama milimita 78, kisha gawa kwa 6. Mistari ikiwa imetandazika kama feni, nyembe zako haziko sambamba. Ikisongamana hata usiweze kuitenganisha, mwanya ni mpana mno: upanue mara mbili, na kila umbali unapungua nusu. Fomula inafaa kwa pembe ndogo na ukuta wa mbali. Kwa mwanya huu mita 2 zinatosha kabisa, lakini kwa mwanya wa milimita 1 hazitoshi.

Ukishazoea, ondoa nyembe na utege unywele mmoja mbele ya leza. Nje ya doa angavu la katikati, mistari ya giza hukaa pale pale ambapo ingekaa kwa mwanya wenye upana wa unywele huo. Ikiachana kwa milimita 18 kwenye ukuta ule ule, unywele wako una unene wa takriban milimita 0.07.