Kilo ya Bucha, Kilo ya Sahani

Mezani kuna viazi kilo 10, kisu na mizani. Mwanafunzi anamenya, anachokoa macho meusi, anakata palipooza, kisha anapima tena: kilo 8. Kilo 2 ziko kwenye ndoo ya maganda. Mpaka hapo darasa zima linaelewa. Mambo huharibika siku ya mtihani wa gharama za jikoni, swali linapokuja limegeuzwa: jiko linahitaji kilo 8 za viazi vilivyomenywa, na viazi hupoteza asilimia 20. Ununue kilo ngapi?

Katika kusahihisha nimekutana na jibu hili mara nyingi mno: kilo 9.6. Mtahiniwa amechukua asilimia 20 ya 8, akapata 1.6, akajumlisha. Hesabu yenyewe haina kosa, ila ameanzia mahali pasipo pake. Asilimia 20 ni ya viazi vilivyonunuliwa, vikiwa bado na maganda yake. Mwambie amenye hizo kilo 9.6 uone. Zitapotea kilo 1.92, zitabaki 7.68, na gramu 320 zimekosekana. Hizo ni chipsi za watu wawili ambao watakaa mezani wakimtazama mhudumu.

Njia sahihi ni kugawanya. Ikiwa asilimia 20 inapotea, inayolika ni asilimia 80, basi 8 gawanya kwa 0.80 unapata 10. Na bei hufuata njia hiyo hiyo. Karoti ikinunuliwa kwa shilingi 2,000 kwa kilo na kubaki asilimia 80 baada ya kumenywa, kilo moja ya karoti safi imekugharimu 2,500, wala si 2,400. Tofauti ya shilingi mia inaweza isikushtue. Sasa chukua mchicha wenye mashina manene, ambao nusu yake inakwenda jaani. Anayejumlisha asilimia 50 juu ya bei ya 1,000 anaandika 1,500. Anayegawanya kwa 0.50 anaandika 2,000, naye ndiye anayejua kilichotoka mfukoni. Kadiri taka zinavyoongezeka ndivyo kosa la kujumlisha linavyopanuka. (Mchicha, kwa kweli, una visa vyake. Muuzaji akiunyunyizia maji ili usinyauke, unalipia na maji, kwa hiyo ukung'ute kabla ya kuupima.)

Karatasi nyingi huandika AP kwa kitu kama kilivyonunuliwa na EP kwa sehemu inayolika. Mtahiniwa asiyekariri chochote bado anaweza kujichunguza kwa swali moja: je, bei niliyopata kwa kilo safi imezidi bei ya sokoni? Kwa nyama na mboga zilizomenywa lazima izidi. Ikiwa imeshuka, umezidisha pale ulipopaswa kugawanya. Ukikutana na mchele, usistuke: kilo moja ikipikwa hunywa maji na kuwa zaidi ya kilo 2, kwa hiyo bei ya kilo ya wali hushuka, na ni sawa.

Nyama ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu kinachotoka kwenye nyama si taka yote. Tuseme umenunua paja la ng'ombe lenye mfupa, kilo 10, kila kilo shilingi 12,000. Umelipa 120,000. Unakata na kupima kila fungu kivyake: mifupa kilo 2, vipande vidogo vya kusaga kilo 1, mafuta na utando wa kutupa nusu kilo, na nyama safi kilo 6.5. Kabla ya kwenda mbele, jumlisha mafungu yote. Yasipofika 10, kuna kitu hukukipima, na ni afadhali ukigundue sasa.

Anayefanya haraka anagawanya 120,000 kwa 6.5, anapata karibu 18,460, anapiga mstari. Amesahau kwamba mifupa itaingia kwenye supu na vipande vitaingia kwenye sambusa. Kama mifupa sokoni ni 2,000 kwa kilo na nyama ya kusaga ni 12,000, basi kwenye lile paja umepata mali ya 4,000 na ya 12,000. Unatoa 16,000 kwenye 120,000, zinabaki 104,000, unagawanya kwa 6.5, na kilo ya nyama safi inasimama kwenye 16,000 kamili. Mafuta yaliyotupwa hayapewi bei yoyote, na gharama yake imebebwa na nyama safi.

Nyama bado haijaingia jikoni. Ukiioka ikapoteza asilimia 25 ya uzito wake kwa maji na mafuta yanayotoka, zile kilo 6.5 zinatoka zikiwa 4.875. Hapa wapo wanaojumlisha hasara mbili: asilimia 35 ya kukata na 25 ya kuoka, wakaandika 60. Haiwezekani, maana moto haukugusa mifupa. Moto umekula robo ya kile kilichoingia kwenye oveni tu. Kwa hiyo unazidisha vinavyobaki: 0.65 mara 0.75, yaani 0.4875. Chini kidogo ya nusu ya paja ndiyo inayofika mezani.

Sasa swali la mwisho: kila sahani ipate gramu 150 za nyama iliyoiva, gharama yake ni ngapi? Gawanya 104,000 kwa 4.875, upate kama 21,333 kwa kilo, na sahani moja ni 3,200. Aliyetumia bei ya bucha moja kwa moja amepata 1,800, na hoteli yake ingekuwa inauza chakula kwa hasara huku ikishangilia wateja. Lakini soma swali vizuri. Kilo 4.875 zinatoa sahani 32 na nusu, na nusu sahani hakuna mteja wa kuiagiza. Swali likikuambia idadi ya sahani zinazouzika, gawanya 104,000 kwa 32, na gharama inakuwa 3,250.

Kuna swali ambalo wakufunzi hulipenda, nami nalipenda kwa sababu ndilo linaloulizwa na mkuu wa jiko kila asubuhi anapopiga simu bucha. Steki isiyo na mfupa inauzwa 15,500. Tununue steki, au tuendelee na paja? Mwenye haraka anaona 15,500 iko chini ya 16,000 na kuchagua steki. Hata steki, hata hivyo, ina utando. Ukiisafisha na kupoteza asilimia 4, kilo yake safi ni 15,500 gawanya kwa 0.96, karibu 16,146. Paja limeshinda kwa shilingi mia na ushee.

Limeshinda kwa sharti moja. Ile 4,000 ya mifupa tuliiandika kana kwamba supu imo kwenye menyu. Jiko lisilopika supu, ambalo mifupa yake huishia kwa mbwa wa mlinzi, haliwezi kuitoa kwenye gharama. Kwake hesabu ni 108,000 gawanya kwa 6.5, karibu 16,615, na steki ndiyo rahisi. Mtihani ukisema mifupa haitumiki, au ukikaa kimya kabisa kuhusu bei yake, usiitungie thamani.