Drivativu ya Pili Inapotoa Sifuri

Nukta tuli ya fanksheni ni pale ambapo drivativu ya kwanza, yaani mwinamo wa grafu, ni sifuri. Grafu hapo imelala, lakini bado haijulikani kama iko kileleni, bondeni, au imetulia kidogo tu kabla ya kuendelea kulekule ilikokuwa ikienda. Kwa kawaida drivativu ya pili humaliza ubishi: ikiwa hasi, ni kilele, ikiwa chanya, ni bonde. Tabu huanza nayo inapokuwa sifuri. Wengi hukimbilia kusema kwamba basi hiyo ni nukta ya mgeuko, na hapo ndipo maksi hupotea, kwa sababu sifuri hiyo peke yake haithibitishi lolote.

Njia sahihi, ambayo Colin Maclaurin wa Skotlandi aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1742, ni kuendelea kutafuta drivativu hadi ipatikane ya kwanza isiyo sifuri. Tuseme ni ya n. Karibu kabisa na nukta a, tofauti f(a + h) − f(a) hufuata f⁽ⁿ⁾(a)·hⁿ/n!, na siri yote imo katika hⁿ. Ikiwa n ni shufwa, hⁿ ni chanya pande zote mbili za nukta, hivyo alama ya drivativu ndiyo inayoamua: chanya ni bonde, hasi ni kilele. Ikiwa n ni witiri, hⁿ hubadili alama nukta inapovukwa. Grafu huwa chini upande mmoja na juu upande wa pili, kwa hiyo si kilele wala bonde, bali ni nukta ya mgeuko.

Chukua f(x) = cos x + x²/2 kwenye x = 0. Drivativu ya kwanza ni x − sin x, ya pili 1 − cos x, ya tatu sin x. Zote ni sifuri hapo. Ya nne ni cos x, yaani 1. Nne ni shufwa na 1 ni chanya, basi ni bonde. Lakini bonde lenyewe ni bapa mno: x ikiwa 0.1, fanksheni imepanda kutoka 1 hadi 1.000004 tu. Kwa x = 0.001, kikokotoo cha tarakimu kumi kitaonyesha 1 kamili, kana kwamba grafu ni mstari mnyoofu. Kupima kwa namba za karibu hakutoshi.

Linganisha na x − sin x. Kwenye sifuri drivativu mbili za mwanzo ni sifuri, ya tatu ni 1. Tatu ni witiri, kwa hiyo grafu hupanda, hulala, kisha hupanda tena.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Fanksheni e^(−1/x²), ikipewa thamani 0 kwenye x = 0, ina drivativu zote sifuri hapo, hata zikitafutwa milele. Hata hivyo ni bonde, na jambo hilo huonekana kwa kutazama fanksheni yenyewe: kila mahali pengine ni chanya.