Koli ilifika, lakini si kile nilichokomanda: namna ya kujibu bank

Bandugu, mwezi wa pili nilikomanda ku internet apareyi ya kupima pH ya udongo. Udongo wetu wa Haut-Katanga mara mingi uko na asidi, na bila kipimo unamwaga shokaa kwa kubahatisha. Bei ilikuwa dola 148. Tulichanga watu wane, kila mutu dola 37, lakini malipo ilipita ku karte yangu ya Visa. Kwa hiyo deni ilibakia juu yangu.

Tarehe 20 Februari koli ikafika Lubumbashi. Nikasaini. Kufungua: kalamu kadogo ka kupima maji. Hakana ile sonde ndefu ya kuchoma mu udongo, hata sanduku yake haiko. Nikaandikia muuzaji tarehe 21 na tena tarehe 25, nikamuomba anwani ya kurudisha kitu chake. Kimya. Tarehe 14 Machi nikaenda ku bank kupinga malipo.

Tarehe 22 Aprili bank ikanipigia: muuzaji ametuma preve, karatasi ya livrezo na sinyatire yangu. Nikiwa na jibu, nilete ndani ya siku kumi. Bila ile wanafunga dosye.

Hapo njo wengi wanaacha. Wanaona sinyatire yao, wanasema basi, nimeshindwa. Lakini uliza kwanza: ile preve inajibu swali gani?

Mu kanuni za Visa kila kupinga iko na kode ya sababu. 13.1 ni kitu hakikufika. 13.3 ni kitu kilifika, lakini hakifanane na vile kilielezwa, ao kimeharibika. Karatasi ya livrezo inajibu 13.1. Kwa 13.3 haijibu kitu, juu inaonyesha paka kama sanduku lilifika ku mulango. Haisemi nini ilikuwa ndani. Dosye yangu ilikuwa 13.3. Angalia hii ku gishe siku ya kwanza: ukisema tu « sikupata kile nilichokomanda », ajenti anaweza kuandika 13.1, na hapo sinyatire yako itakuangusha kweli. Omba akuonyeshe kode mbele ya kusaini.

Barua niliandika kwa Kifaransa, ukurasa moja. Kwa Kiswahili ilisema hivi:

« Ninakubali kama koli ilifika tarehe 20 Februari na nilisaini mimi mwenyewe. Sijapinga livrezo. Nimepinga kitu kilichokuwa ndani, kwa kode 13.3. Ukurasa wa muuzaji uliahidi apareyi ya udongo yenye sonde, uzito kilo 1,1 pamoja na sanduku yake. Nilipokea kalamu ya maji. Karatasi ya livrezo ambayo muuzaji mwenyewe ametuma inaandika uzito wa kilo 0,2. Niliomba kurudisha kitu tarehe 21 na 25 Februari, hakujibu. Muuzaji hakuleta preve yoyote kama alituma apareyi iliyouzwa. Ninaomba bank iendelee na dosye. »

Angalia mambo matatu. Kwanza, nilikubali ile iliyo kweli. Ukikana sinyatire yako, mwenye kusoma hatakuamini tena kwa mengine yote. Pili, ule uzito. Nilisoma karatasi ya muuzaji mustari kwa mustari, na yeye mwenyewe njo alinisaidia: kitu cha kilo 1,1 hakiwezi kuingia mu koli ya kilo 0,2. Tatu, imeli za kurudisha. Kwa 13.3, Visa inataka uwe umerudisha kitu, ao umejaribu kukirudisha. Bila hiyo, hata picha nzuri haitoshi. Kwa hiyo usitupe kile kitu, na usianze kukitumia.

Kisha nilifunga pamoja kapture ya ukurasa wa muuzaji, picha ya kalamu juu ya mizani, na zile imeli mbili zikiwa na tarehe. Kapture uipige siku ya kukomanda, juu ukurasa unaweza kubadilishwa kesho yake.

Na siku usizicheze. Kwa 13.3 kawaida bank iko na siku 120 tangu ulipopokea kitu ili kufungua dosye. Muuzaji akiisha kujibu, bank iko na siku 30 za kuendelea, na ndani ya hizo inapaswa kusoma barua yako. Ndiyo maana ilinipa kumi tu. Nilipeleka tarehe 24, wakanitilia tampo ya kupokea ku kopi yangu.

Hii njia haisaidie kama kitu kinafanana na maelezo lakini wewe hukukipenda tu. Pale karatasi ya livrezo haina shida. Ni wewe hauna sababu.

Mwisho wa mwezi wa tano dola 148 zilirudi ku konti. Nikarudishia kila mutu 37 yake. Ile kalamu ingali mu karato, muuzaji hajaiomba.