Chumba cha Usingizi Mkubwa?

Kohinoor, almasi mashuhuri iliyomo kwenye taji la Uingereza, ina jina la Kiajemi: kuh ni mlima, nur ni nuru. Kati ya maneno hayo mawili hupita irabu fupi, e, nayo ndiyo inayoyafunga pamoja: kuh-e nur, Mlima wa Nuru. Waajemi huiita ezafe. Neno likiishia na irabu, hutamkwa ye, kama katika Darya-ye Nur, Bahari ya Nuru, almasi nyingine iliyohifadhiwa Tehran.

Kwa Mswahili, mpangilio huu si mgeni. Kitu hutangulia, maelezo yakafuata. Ketab-e Maryam ni kitabu cha Maryam. Ketab-e bozorg ni kitabu kikubwa. Ila Kiajemi hutumia kiungo kilekile kwa mwenye mali na kwa sifa, wala hakina ngeli za kuonyesha nini kinaambatana na nini. Mfasiri wa Kiswahili hana anasa hiyo: lazima aamue kama ni cha, wa au ki-.

Hapo ndipo watu hukwama. Chukua otaq-e khab-e bozorg. Otaq ni chumba, khab ni usingizi, bozorg ni kubwa. Anayefuata maneno moja moja ataandika “chumba cha usingizi mkubwa”, na msomaji atacheka. Otaq-e khab ni jina moja lisilogawanyika, kwa hiyo sifa inayofuata ni ya chumba: chumba kikubwa cha kulala. Kiswahili hukipeleka kikubwa mbele, karibu na chumba, na upatanisho wa ki- huondoa shaka.

Sasa aongezwe kaka. Otaq-e khab-e bozorg-e baradar-e man ni chumba kikubwa cha kulala cha kaka yangu. Bozorg akisogea baada ya baradar, ukubwa umehama: otaq-e khab-e baradar-e bozorg-e man, yaani chumba cha kulala cha kaka yangu mkubwa. Kiajemi huweka “mimi” mwisho kabisa, baada ya sifa. Kiswahili hutanguliza yangu. “Kaka mkubwa yangu” haisikiki vizuri masikioni.

Tatizo jingine limejificha kwenye maandishi: irabu hiyo kwa kawaida haiandikwi. Mard-e pir ni mwanamume mzee, na mard pir ast ni mwanamume ni mzee, lakini herufi za mard na pir ni zilezile kwa zote mbili. Msomaji hutazama mbele: pir ikifuatwa mara moja na ast inayofunga sentensi, huenda hakuna ezafe hapo.

Minyororo ya kiofisi ina nafuu yake. Vezarat-e Omur-e Khareje-ye Jomhuri-ye Eslami-ye Iran huenda sambamba na Wizara ya Mambo ya Nje ya Jamhuri ya Kiislamu ya Iran, kiungo kwa kiungo. Kwenye habari fupi, hata hivyo, “ya” tano mfululizo huchosha, na wahariri huandika tu Wizara ya Mambo ya Nje ya Iran.