Kinyunyizio cha Bustani Kinachozunguka

Maji hupanda katikati ya kinyunyizio, hupita ndani ya mikono na kutokea kwenye pua zilizoinama. Mkono huyasukuma maji upande mmoja, nayo maji huusukuma mkono upande wa pili. Yanapoingia katikati, maji hayana momenta ya mzunguko. Kwa hiyo momenta ya mzunguko inayochukuliwa na maji yanayotoka kila sekunde ni sawa na kani zungushi inayosukuma mikono.

Swali. Kinyunyizio kina mikono miwili, kila mmoja urefu wa m 0.20. Maji yote yanayotoka ni kg 0.25 kwa sekunde. Kasi ya maji ukilinganisha na pua ni 8 m/s, na mkondo unafanya pembe ya 30° na mstari wa mkono. Tafuta:
(a) kani zungushi mikono ikishikiliwa;
(b) kasi ya mwisho ya kuzunguka pasipo msuguano;
(c) kasi hiyo ikiwa msuguano una kani zungushi ya 0.15 N m.

Jibu

(a) Kinachozungusha ni sehemu ya kasi iliyo wima kwa mkono tu:
8 sin 30° = 4 m/s
Kani zungushi = 0.25 × 0.20 × 4 = 0.20 N m

(b) Ukiachia mikono, pua nazo zinarudi nyuma kwa kasi ya 0.20ω. Mtu aliyesimama bustanini ataona maji yakienda upande huo kwa kasi ya 4 − 0.20ω tu. Kani zungushi inapungua kadiri mikono inavyoongeza kasi, na inaisha pale ambapo:
4 − 0.20ω = 0
ω = 20 rad/s, yaani karibu mizunguko 191 kwa dakika.
Hapo maji hutoka yakielekea nje moja kwa moja kutoka katikati, bila kuzunguka.

(c) Kasi haibadiliki tena pale kani zungushi ya maji inapolingana na ya msuguano:
0.25 × 0.20 × (4 − 0.20ω) = 0.15
4 − 0.20ω = 3
ω = 5 rad/s, karibu mizunguko 48 kwa dakika.

Angalia: msuguano ungezidi 0.20 N m, yaani jibu la (a), kinyunyizio kisingeanza kuzunguka kabisa.

Makosa ya kuepuka

Wengi huzidisha kwa 2 kwa sababu pua ni mbili. Hapa kg 0.25 tayari ni ya pua zote. Ungezidisha tu kama ungepewa maji ya pua moja. Wengine hutumia 8 m/s nzima, au husahau kutoa 0.20ω. Anayesahau kutoa hupata kani zungushi isiyopungua, na kinyunyizio chake pasipo msuguano kitaongeza kasi bila kikomo. Ukipata jibu la (c) kubwa kuliko la (b), rudia kazi yako, kwani msuguano hauwezi kuongeza kasi.